Kufuli la simu au kufuli la TikTok: lipi linamfaa mtoto wako, na yale ambayo yote mawili hayakuonyeshi

Dadangu anauza mitumba Kibuye, hapa Kisumu. Likizo ya Agosti 2025 alikuja kwenye kibanda changu cha simu akiwa ameshika simu ya binti yake. Binti huyo alizaliwa 2011, alikuwa Gredi ya 9 na simu ni yake, Android ya mkono wa pili aliyoachiwa na mjomba wake. Dadangu alitaka jambo moja tu: "Nifungie hii TikTok. Mtoto analala saa saba usiku, na asubuhi hasikii hata akiitwa."

Wazazi wengi huniletea ombi kama hilo, na kila mara huwajibu kwamba kuna kufuli mbili tofauti. Moja huwekwa kwenye simu nzima, nayo kwa Android ni Family Link ya Google. Nyingine huwekwa ndani ya programu yenyewe: kwa TikTok inaitwa Family Pairing, na Instagram nayo ina usimamizi wake wa wazazi. Hizi kufuli hazifanyi kazi moja. La kwanza linapima saa na kulinda mlango wa kuingiza programu mpya. La pili linahusu watu: nani anamfuata mtoto, nani anaweza kumwandikia. Mzazi aliyekuja kwa sababu ya usingizi anahitaji la kwanza. Mzazi anayeogopa watu wazima wasiojulikana anahitaji la pili, na Family Link haitamsaidia chochote hapo, hata aiweke vizuri namna gani.

Dadangu alisema shida yake ni usingizi, kwa hivyo tukaanza na Family Link.

Kabla ya kuiweka tulikwama mahali ambapo wengi hukwama. Simu ilikuwa bado na akaunti ya Google ya mjomba, mtu mzima, na Google haimsimamii mtu mzima. Mtoto lazima awe na akaunti yake mwenyewe yenye tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa. Ukirithisha simu, ondoa kwanza akaunti ya mwenyewe wa zamani, halafu ndipo ufute simu yote. Ukifuta kabla ya kuiondoa, simu ikiwaka itadai akaunti ileile ya zamani, na kama mjomba yuko safarini utaishika tu mkononi. Tahadhari pia na akaunti zinazofunguliwa dukani siku ya kununua simu, maana anayekuhudumia huandika mwaka wowote ili mteja aondoke haraka. Nimekutana na watoto wa miaka 12 ambao kwa Google wana miaka 30.

Baada ya hapo kazi ni fupi. Kwenye simu ya mtoto unaingia Settings, kisha Google, kisha Parental controls. Kwenye simu yako unaweka Family Link. Kwa mtoto aliyetimiza miaka 13, kuongeza usimamizi kunahitaji ridhaa yake, naye huikubali mwenyewe kwenye skrini yake. Huwezi kumwekea kimyakimya. Binti wa dadangu alikaa kimya dakika nzima kabla ya kubonyeza, na mama yake akamngoja. Naona ilikuwa vizuri kumngoja.

Dadangu akaweka saa mbili kwa siku kwa simu nzima. Siku ya tatu tu baada ya shule kufunguliwa mpango huo ulivunjika. Walimu wa darasa hilo hutuma kazi ya nyumbani jioni kwenye kundi la WhatsApp. Mtoto alikuwa amemaliza saa zake mbili mchana, simu ikajifunga, kazi ikafika haionekani. Simu iliyofungwa na Family Link bado inapokea simu za kawaida na bado inakubali kupiga ya dharura, lakini programu zinakuwa hazifunguki. Kesho yake mwalimu akauliza kazi iko wapi, na mtoto alikuwa na sababu ya kweli.

Wengi hapo hukimbilia kuweka WhatsApp kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa wakati wote. Mimi sishauri hivyo. WhatsApp iliyo wazi usiku kucha ndiyo inakuwa TikTok mpya, kwa sababu video zilezile hutumwa huko na kwenye hali za marafiki. Tulichofanya ni kuondoa kikomo cha simu nzima na kuweka vikomo vya programu mojamoja: TikTok dakika 45, Chrome dakika 30, WhatsApp saa moja. Kisha tukaweka Downtime, muda wa simu kulala, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja na nusu asubuhi. Shida ilikuwa usingizi, na kinacholinda usingizi ni Downtime. Kuhesabu dakika za mchana ni jambo jingine kabisa. Ukiwa na nguvu ya kupigania kitu kimoja tu na mtoto wako, pigania hicho.

Chrome niliiweka kwa makusudi. TikTok hufunguka pia kwenye kivinjari bila programu yake. Mzazi anayefunga programu pekee huona dakika za TikTok zimeshuka, akafurahi, na kumbe dakika za Chrome zimepanda mara tano. Family Link hukuonyesha dakika za kila programu, kwa hivyo angalia jumla yote, usiishie kwenye ile inayokukera. Ukiona Chrome imevimba ghafla, ingia kwenye vidhibiti vya tovuti na uifunge tiktok.com yenyewe.

Kuna mlango mwingine ambao watoto wa hapa wanaujua kuliko wazazi wao, nao ni kurushiana programu kutoka simu hadi simu bila kupitia Play. Idhini unayopewa na Family Link ya kukubali au kukataa programu inahusu Play. Zinazorushwa na rafiki zinazuiwa na kidhibiti kingine, cha programu kutoka vyanzo visivyojulikana, ambacho kimo humohumo ndani ya Family Link kwenye sehemu ya vifaa. Hakikisha ruhusa hiyo ya vyanzo visivyojulikana imezimwa. Tena, programu zilizokuwa zimeshaingia kabla ya usimamizi hazijiondoi. Pitia orodha nzima siku ya kwanza, ukiwa umekaa na mtoto.

Jambo la mwisho kuhusu kufuli hili ni data. Mabadiliko unayofanya kwenye simu yako huifikia ya mtoto ikiwa imeunganishwa na intaneti. Bando likiisha, vikomo vya zamani vinaendelea kufanya kazi, lakini vipya havifiki, na mahali alipo mtoto hapaonekani. Dadangu alinipigia siku moja akiwa na hofu kwamba ramani inamwonyesha mtoto bado yuko shule saa kumi na mbili jioni. Mtoto alikuwa nyumbani Kondele akiosha vyombo. Data iliisha tu.

Kwa wiki tatu usingizi ulirudi. Mtoto akawa anaamka. Dadangu akaniambia tumemaliza, nami nikakubaliana naye, na hapo nilikosea.

Mwezi Septemba binti alipita kibandani kuchaji simu. Nikamwomba anionyeshe TikTok yake, kwa sababu nilitaka kuwawekea Family Pairing na mama yake. Nikaona chini ya skrini kuna kisanduku cha ujumbe, na kina mazungumzo. Nikamuuliza, "Mamii, hapa kuna ujumbe wa nani?" Akasema, "Ni marafiki tu, anti." Lakini swali langu halikuwa juu ya marafiki. TikTok haimpi mtu aliye chini ya miaka 16 ujumbe wa moja kwa moja kabisa. Kisanduku hicho hakikupaswa kuwepo. Kama kipo na kinafanya kazi kwa mtoto wa miaka 14, basi TikTok haijui kwamba ana miaka 14.

Ndivyo ilivyokuwa. Akaunti aliifungua akiwa na miaka 11, binamu yake akamsaidia kuzungusha gurudumu la miaka hadi 2001. Kwa hivyo kwa TikTok alikuwa mwanamke wa miaka 24. Ulinzi wote ambao programu huwapa vijana yenyewe, bila mzazi kufanya chochote, haukumhusu hata mmoja. Akaunti ya aliye chini ya miaka 16 huwa ya faragha tangu mwanzo; yake ilikuwa wazi. Wenye miaka 13 hadi 15 hawasukumiwi arifa kuanzia saa tatu usiku. Yeye zilimjia usiku wa manane, hadi tulipoweka Downtime. Na wiki hizo zote Family Link ilikuwa ikimwonyesha mama yake kwamba ametumia TikTok dakika 45, sawasawa kama tulivyopanga. Dakika zilikuwa za kweli. Hazikusema chochote juu ya kilichokuwa ndani yake.

Kwenye kisanduku kulikuwa na mtu mzima aliyemwomba wahamie WhatsApp. Mtoto hakuwa amempa namba. Hilo hatukulijua kupitia chombo chochote. Alituambia mwenyewe, pale kibandani, baada ya mimi kunyamaza na kuacha kuuliza. Tulipiga picha za skrini kwanza, jina la akaunti na maneno yote, ndipo tukaripoti na kumzuia. Usifute kabla ya kuweka ushahidi. Na kama mtu ameomba picha, ametuma picha chafu au ametisha, kuna namba 116, ya bure, ya msaada kwa watoto Kenya nzima, mchana na usiku. Mzazi anaweza kupiga, na mtoto pia anaweza kupiga peke yake.

Sasa kuhusu kurekebisha mwaka. Kwenye Instagram tarehe ya kuzaliwa iko Accounts Center, chini ya Personal details. TikTok haikupi kitufe cha kuibadilisha mwenyewe. Unaandika ombi kupitia Report a problem. Sisi tuliamua kufungua akaunti mpya yenye mwaka wa kweli, mama yake akiwa kando. Ile ya zamani tukaifuta. TikTok huizima kwa siku 30 kabla ya kuifuta kabisa, kwa hivyo hakikisha mtoto hairudii katika siku hizo. Alipoteza wafuasi mia tatu na kitu, akalia. Mama yake hakumwambia ni upuuzi, na ninamshukuru kwa hilo. Kwa mtoto wa miaka 14, watu mia tatu ni wengi.

Baada ya hapo ndipo Family Pairing ikawa na maana. Mzazi anahitaji akaunti yake ya TikTok. Kila mmoja kwenye simu yake anaingia Settings and privacy, kisha Family Pairing. Mmoja anachagua mzazi, mwingine kijana, halafu simu moja inapiga picha ya msimbo wa QR wa nyingine. Tangu hapo mzazi anaweka kikomo cha dakika na nyakati za kufunga, anaweza kuzima kutafuta, na kuanzia 2025 anaona mtoto anamfuata nani, nani anamfuata yeye, na akaunti alizozizuia. Mtoto akivunja muungano, mzazi hupata arifa.

Instagram inafanana na hiyo, na kwa jambo moja imezidi. Akaunti za vijana, Teen Accounts, zilianza Septemba 2024 katika nchi chache, zikafika kwetu 2025. Zinakuwa za faragha, zinatulia kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza ulinzi bila mzazi. Ukiongeza usimamizi, unaona majina ya watu ambao mtoto ameandikiana nao ndani ya siku 7 zilizopita. Majina tu. Maneno huyaoni.

Hii hapa tofauti kwa ufupi, kwa anayetaka kuchagua haraka:

| Unachotaka | Family Link | TikTok, Family Pairing | Instagram, usimamizi |
|---|---|---|---|
| Kujua dakika alizotumia | Programu zote | TikTok pekee | Instagram pekee |
| Kuzima simu usiku | Ndiyo | Hapana, TikTok tu | Hapana, Instagram tu |
| Kuzuia programu mpya | Ndiyo | Hapana | Hapana |
| Kujua anayemfuata | Hapana | Ndiyo | Ndiyo |
| Kujua ameandikiana na nani | Hapana | Hapana | Majina ya siku 7 |
| Kusoma ujumbe | Hapana | Hapana | Hapana |
| Kufanya kazi mwaka ukiwa wa uongo | Google ikimjua kama mtu mzima, hapana | Ulinzi wa kijana hauwaki | Ulinzi wa kijana hauwaki |

Safu ya kusoma ujumbe ndiyo inayowaudhi wazazi. Huniuliza kama kuna njia. Kuna programu za upelelezi zinazouzwa kwa ahadi hiyo, nami sizitii kwenye simu ya mtoto yeyote. Zinataka ruhusa ya kuona kila kitu, picha na maneno ya siri yakiwemo, na hujui mtoto wako anasomwa na nani mwingine huko yanakohifadhiwa. WhatsApp yenyewe imefungwa kutoka simu hadi simu, wala kampuni yenyewe haiwezi kusoma maneno yaliyomo. Kitu unachoweza kufanya huko ni kidogo lakini kinafaa: kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya makundi, weka kwamba wanaoweza kumwingiza kwenye kundi ni watu walio kwenye orodha yake ya namba tu. Kundi la wageni mia mbili aliloingizwa na asiyemjua ni mahali ambapo hakuna kufuli linalofika.

Pia hakuna chombo kati ya hivi kinachoona akaunti ya pili. Family Pairing inaijua akaunti uliyoiunganisha, basi. Dalili yake ni hesabu isiyolingana: Family Link ikisema dakika 45 za TikTok na Family Pairing ikionyesha dakika 10 kwa siku hiyohiyo, zile 35 zimetumika kwenye akaunti nyingine au bila akaunti. Ndiyo sababu napenda mzazi awe na zote mbili pale inapowezekana. Moja inakagua nyingine.

Kwa nyumba ambazo simu ni moja, ya mama, na mtoto huiazima jioni, ushauri wangu ni tofauti kabisa. Nyumba hizo ni nyingi, hasa watoto wa mabweni wakirudi likizo. Usijaribu Family Link, maana akaunti ya simu ni yako. Usijaribu Family Pairing pia, kwa sababu akaunti zote mbili zitakaa kwenye simu moja, na mtoto akigusa mara mbili anahamia kwenye ya mzazi na kujiongezea muda. Ni kama kufunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kitasa. Kinachofaa hapo ni kubana programu moja kwenye skrini. Android nyingi zinayo, kwa jina App pinning, ndani ya mipangilio ya usalama. Washa, kisha uweke kwamba kutoka kunahitaji pini yako. Unamfungulia WhatsApp ya kazi ya nyumbani, unaibana, unampa. Akitaka kutoka, simu inaomba pini. Usimpe mtoto pini hiyo hata kama una haraka ya kuwahi matatu. Ukishampa mara moja, itabidi uibadilishe, na kama ni ileile ya M-Pesa, basi umefungua zaidi ya TikTok.

Kwa wa miaka 16 na 17 mimi hulegeza. Katika umri huo TikTok inamruhusu ujumbe, na Family Link kwenye simu nzima huanza kumfundisha kutafuta simu nyingine tu. Hapo ningebakisha Downtime, niondoe vikomo vya mchana, na nibaki na usimamizi wa ndani ya programu kwa makubaliano.

Binti wa dadangu sasa ana wafuasi arobaini na wanne. Mama yake anawapitia kila Jumapili jioni akiwa naye, na nusu yao anawajua kwa sura. Desemba aliomba kwenda kwa bibi yake Ahero wiki mbili, na nyumba hiyo ina binamu wa miaka 19 mwenye simu isiyo na kufuli lolote, yuleyule aliyezungusha gurudumu hadi 2001. Dadangu alinipigia akaniuliza tunaweka nini kwenye simu hiyo. Nikamwambia hatuweki kitu, hiyo si simu yetu. Akakata, akampigia binamu mwenyewe, wakaongea robo saa.